Vokale ya dakika kumi na moja ya promota: mnaitoaje orodha ya kazi yenye majina na tarehe?

#1 Sekretere_Katuba — jumanne 12/8/2025, 18:40

Jambo wote. Mimi ni sekretere wa shule moja ya binafsi huku Lubumbashi. Promota wetu yuko Kolwezi kwa shughuli zake nyingine, na maagizo yote anayatuma kwa vokale za WhatsApp. Leo Prefe amenirushia moja ya dakika kumi na moja, akaandika chini yake: "Tengeneza orodha, kila mtu ajue kazi yake, niibandike." Masomo yanaanza jumatatu tarehe 1/9.

Nimeisikiliza mara mbili. Humo kuna paa, rangi, mabanki, tanki, kamiyo ya shemeji yake, kilio cha mtu wa Likasi, halafu tena paa, tena mabanki. Nawawekea vipande vyenye kazi tu, pamoja na dakika, maneno yake yalivyo:

0:40 – "Ile paa ya darasa ya tano na ya sita, mabati imetoboka. Ule fundi wa Katuba anaijua. Aende aione kesho kutwa."
2:15 – "Rangi imalizike mbele ya tarehe makumi mbili, juu wazazi banaanza kuya kuandikisha batoto, bakute shule iko safi."
3:30 – "Mabanki nilisema makumi ine."
5:05 – "Na ile tanki ya maji, muangalie ile mambo."
7:50 – "Paa, fundi aliniambia atakuwa na nafasi kuanzia tarehe makumi mbili na moja. Basi afanye pale."
8:20 – "Mabanki, sikia, makumi tatu itafika kwanza."
9:40 – "Ingekuwa muzuri tupate na bendera ya mupya."
10:30 – "Pesa, Mama Kontabu asitoshe kitu mbele ya miye kusema."

Sasa niandike nini? Kesho kutwa ni siku gani? Mabanki ni arobaini au thelathini? Tanki ni kazi ya nani? Nikimpigia kuuliza kila kitu ataona sikumsikiliza. Nyinyi mnafanyaje?

#2 Tantini_Kamalondo

Mwanangu, mtu wa namna hiyo anaelezwa kwa heshima. Mwambie: "Papa, tutumie vokale fupi fupi, kila jambo na yake." Mume wangu alikuwa hivyo. Tulimzoesha pole pole, sasa hapitishi dakika mbili.

#3 Prof_Ruashi

Tantini, hajauliza jinsi ya kumfupisha promota. Vokale imeshafika, anataka orodha.

Sekretere, njia ni hii. Andika yote neno kwa neno, tangu "Bwana Prefe jambo" mpaka "mubaki muzuri". Dakika kumi na moja zitakula karibu saa nzima, lakini hutakosa kitu. Kisha piga mstari chini ya kila kitenzi. Pale aliposema mambo mawili tofauti, la mwisho ndilo linashinda, kwa hiyo mabanki ni 30 na paa ni tarehe 21. Tarehe ya vokale utaisoma kwenye jina la faili, iko wazi kabisa.

#4 Tantini_Kamalondo

Sawa Profesa. Lakini akifupisha, hamtakuwa na uzi huu.

#5 Shantie_Kampemba

Nimesimamia shantie miaka mingi, na mabosi wa ujenzi wanasema wakiwa ndani ya gari, wakiwa mezani, wakiwa kwenye kilio. Nitasema mambo machache tu, lakini nitayasema kwa utaratibu.

Kwanza, kuandika neno kwa neno si lazima. Unachohitaji ni karatasi yenye dakika pembeni, kama ulivyofanya, kwa sababu kesho mtu akibisha utarudi moja kwa moja pale 8:20 na kumsikilizisha. Hapo umeshaanza vizuri kuliko wengi.

Pili, umetuwekea vipande vyenye kazi tu. Hizo hadithi ulizoziruka zisikilize tena, maana mtu anayesema bila karatasi anaweka siku ndani ya hadithi. "Kesho kutwa" ya promota inahesabiwa kutoka siku aliyoisema yeye, si siku Prefe alipokurushia wewe. Je, kwenye ile hadithi ya kilio au ya kamiyo hakutaja siku yoyote, soko, misa, mechi?

Tatu, usikimbilie kusema la mwisho linashinda. Nitarudi kwenye hilo ukishanijibu.

#6 Sekretere_Katuba

Ni kweli! Pale 6:10, katikati ya kilio cha Likasi, anasema: "Kesho jumapili asubui musinitafute, niko misa." Basi aliisema jumamosi.

#7 Prof_Ruashi

Haiwezekani iwe jumamosi. Angalia jina la faili kwenye simu yako, utaona kitu kama hiki:

```
PTT-20250812-WA0007.opus
```

Hiyo ni 2025, mwezi wa 8, tarehe 12. Yaani leo. Kesho kutwa ni alhamisi tarehe 14.

#8 Shantie_Kampemba

Prof, hiyo tarehe ni ya siku vokale ilipoingia kwenye simu ya Sekretere. Ikirushwa kutoka mtu hadi mtu, kila simu inaiandika kwa siku yake yenyewe. Hata saa inayoonekana chini ya ujumbe ni saa ya kurushwa. Anayeweza kuona siku ya kweli ni Prefe, akifungua mazungumzo yake na promota ambako vokale ilifika mara ya kwanza.

#9 Sekretere_Katuba

Nimempigia Prefe sasa hivi. Kwake inaonekana jumamosi tarehe 9/8, saa 21:12. Alikuwa hajapata muda wa kunirushia.

#10 Shantie_Kampemba

Basi "kesho kutwa" ilikuwa jumatatu tarehe 11, nayo imepita jana. Kama ungeandika alhamisi 14, fundi angekuwa amekwenda au hakwenda, na wewe ungekuwa unangoja kitu ambacho promota anadhani kimekwisha. Kwenye orodha usiandike "fundi aende kuona paa". Andika: "Kuuliza leo kama fundi alikuja jumatatu." Hiyo ni kazi ya dakika moja na inaanza na wewe.

#11 Dereva_Kasumbalesa

Mie niko njia ya Kasumbalesa. Zaidi ya siku, angalieni na saa. Bosi mmoja alituma vokale: "Kamiyo iwe pale parkingi saa nane." Mmoja wetu alisikia saa nane yetu, yaani mchana. Mwingine amezoea kusoma saa kama walivyomfundisha shuleni kwa Kifaransa, akafika asubuhi. Yule wa asubuhi alikuwa na karatasi za dwani, yule wa mchana alikuwa na kamiyo. Nafasi kwenye mstari ikapotea, tukalala hapo. Tangu siku ile kikundi chetu kinaandika 08:00 au 14:00 na hakuna anayeuliza tena.

#12 BintiRuashi_Mwalimu

Dereva, na huyo bosi alikuwa anamaanisha ipi?

#13 Dereva_Kasumbalesa

Mpaka leo kila mmoja anasema bosi alikuwa upande wake.

#14 Kontabu_Likasi

Nasoma tangu juu na naona mnazungukazunguka tu. Sentensi kubwa kuliko zote iko 10:30: "Asitoshe kitu mbele ya miye kusema." Nimekaa kwenye kasha la shule kwa muda mrefu. Orodha nzuri yenye majina na tarehe inabandikwa, halafu hakuna linalotendeka, na lawama inakwenda kwa fundi au kwa sekretere. Sababu ni kwamba kila mstari ulingoja pesa na hakuna aliyeandika pesa inatoka siku gani na kwa neno la nani. Mimi kwangu, kazi isiyo na avansi iliyoruhusiwa haijapata tarehe bado, hata ukiiandikia tarehe.

#15 Shantie_Kampemba

Nakubaliana nawe nusu, Kontabu. Nimeona pia kazi zisizohitaji hata franka moja zikifa, kwa sababu ziliandikwa "Prefe na ntanda", yaani mkuu wa shule na msimamizi wa vifaa, na kila mmoja akamngoja mwenziwe. Jina moja kwa kila mstari. Wengine wanasaidia, lakini anayeulizwa ni mmoja.

#16 Kontabu_Likasi

Jina moja bila pesa ni mtu mmoja wa kulaumu.

#17 Mzee_wa_Mampala

Nyote mna sehemu ya ukweli, lakini mimi naona chanzo ni woga. Sekretere mwenyewe ameandika: "Ataona sikumsikiliza." Hapo ndipo kazi zinapofia. Watu wanabuni kile ambacho wangeuliza kwa swali moja. Promota akisema "makumi tatu itafika kwanza", mtu asiyeogopa angeuliza siku ileile: "Papa, na kumi zinazobaki ni za lini?"

#18 Sekretere_Katuba

Mzee, nakusikia. Lakini nikimuuliza maswali nane atanijibu kwa vokale nyingine ya dakika ishirini. Nataka nimuulize yale tu ambayo siwezi kuyajua mwenyewe.

#19 Shantie_Kampemba

Hilo ndilo swali lenyewe. Tuchukue paa na rangi, maana hapo pana mgongano ambao promota hakuuona akiwa anaongea.

Anataka rangi ikamilike kabla ya tarehe 20. Dakika tano baadaye anasema paa ni kuanzia tarehe 21. Ukifuata alivyosema, mtapaka darasa la tano na la sita, halafu fundi apande, ang'oe mabati yenye kutu, misumari na vumbi vianguke ndani, aegemeze ngazi kwenye ukuta mpya. Mtapaka mara mbili. Na hii njia ya Prof, la mwisho linashinda, haisaidii hapa, kwa sababu hakubadilisha neno lolote. Alisema mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja.

Lakini sikiliza alichosema baada ya tarehe: "juu wazazi banaanza kuya kuandikisha batoto, bakute shule iko safi." Sababu ya tarehe 20 ni macho ya wazazi. Sekretere, wazazi wakija kuandikisha wanafika wapi?

#20 Sekretere_Katuba

Wanaingia lango kubwa, wanakuja biro yangu, wanapita kwa Mama Kontabu kulipa. Darasa la tano na la sita yako nyuma, upande wa vyoo. Hawafiki huko.

#21 Shantie_Kampemba

Basi rangi si kazi moja, ni mbili. Lango, ukuta wa mbele, biro na madarasa ya mbele: mwisho jumanne tarehe 19, kama alivyotaka. Darasa la tano na la sita: baada ya paa. Fundi akianza alhamisi 21 na kumaliza jumamosi 23, mnafagia na kupaka kuanzia jumatatu 25 mpaka jumatano 27, alhamisi 28 mabanki yanaingia. Inabaki ijumaa na jumamosi za akiba kabla ya masomo. Mvua kwetu haiji mwezi wa nane, kwa hiyo paa kungoja mpaka 21 hakuharibu kitu.

Ndiyo maana nasema andika sababu ya tarehe kando ya tarehe. Ukiandika "rangi 20/8" peke yake, umepoteza kitu pekee kilichokuwezesha kuigawa.

#22 BintiRuashi_Mwalimu

Hii imenifungua macho. Sisi kwenye kamati ya wazazi tunaandika tarehe tu.

#23 Prof_Ruashi

Kwa rangi sina ubishi. Lakini kwa mabanki nasimama palepale. Alisema 40, halafu akasema 30. Ni 30.

#24 Mzee_wa_Mampala

Hakusema thelathini inatosha. Alisema thelathini itafika kwanza. Kumi ziko mahali.

#25 Nguba_Bukavu

Nawasalimu kutoka Bukavu. Huku kwetu mtu angesema hivyo akimaanisha kamiyo inaleta thelathini safari ya kwanza. Labda mabanki yananunuliwa mahali na yanakuja mara mbili?

#26 Sekretere_Katuba

Hapana, yanatengenezwa hapahapa na menizie wa mtaani. Anasema akiwa na mbao zote, yeye na vijana wake wanatoa matatu kwa siku, jumatatu mpaka jumamosi.

#27 Shantie_Kampemba

Hapo umetupa jibu kubwa. Mabanki yanahitajika mwisho wa kazi alhamisi 28. Hesabu kurudi nyuma, ukiruka jumapili. Mabanki 30 kwa matatu kwa siku ni siku kumi za kazi, kwa hiyo anaanza jumatatu 18. Mabanki 40 ni siku kumi na nne, kwa hiyo anaanza jumatano 13, yaani kesho, na mbao hazijanunuliwa.

Arobaini kufikia 28 haiwezekani tena, promota akubali au asikubali. Nafikiri hata yeye alihesabu kichwani akiwa anaongea, ndiyo maana alishuka hadi thelathini. Kwa hiyo orodha iseme "30 kufikia 28/8", na swali kwake liwe fupi: kumi za mwisho, ni za mwezi wa tisa au hazipo?

#28 Kontabu_Likasi

Na mbao zinanunuliwa na pesa gani? Akianza jumatatu 18 saa moja asubuhi, mbao ziwe kwake jumamosi 16. Pesa itoke ijumaa 15 au jumamosi asubuhi. Na promota amesema isitoke mpaka aseme. Haya, niambieni, tarehe ya kwanza kabisa kwenye orodha hii ni ipi na jina lake ni nani?

#29 Sekretere_Katuba

Mungu wangu. Ni tarehe 15, na ni yeye mwenyewe Promota.

#30 Kontabu_Likasi

Ndiyo hivyo.

#31 Tantini_Kamalondo

Sasa hapo mwanangu utaandika jina la promota kwenye karatasi ya kubandika ukutani, na tarehe ya mwisho juu yake? Wapishi na sentineli wasome? Hapana. Hiyo ni kumvunjia mtu heshima mbele ya watu wake.

#32 Mzee_wa_Mampala

Tantini ana haki. Kwa mkubwa tarehe haiandikwi, inaombwa.

#33 Shantie_Kampemba

Kwenye shantie tunaiandika, wazungu na wachina na wakongomani, wote. Msanifu anadaiwa plani tarehe fulani na jina lake liko pale. Hakuna aliyekasirika.

#34 Mzee_wa_Mampala

Shantie ina kontra. Shule hii ina mtu mmoja mwenye kila kitu.

#35 Nguba_Bukavu

Kwenye koperative yetu ya kahawa tulifanya orodha mbili. Moja ya ukutani, imepangwa kwa jina la mtu: kila mmoja anasoma mistari yake tu, hasomi ya wenzake. Nyingine ni ya mwenyekiti peke yake, na hiyo ina mistari yake miwili mitatu, imeandikwa "Tunangoja neno lako kabla ya siku fulani, ili kazi fulani ianze". Anaona kwamba bila yeye kitu kinasimama, na hakuna aliyemwamuru.

#36 Shantie_Kampemba

Nguba, lakini orodha mbili zinaachana. Unabadilisha moja unasahau nyingine.

#37 Nguba_Bukavu

Ndiyo maana ya mwenyekiti ni fupi. Ikipita mistari mitatu tunampigia.

#38 BintiRuashi_Mwalimu

Na tanki? Hakuna aliyeigusa. "Muangalie ile mambo." Mimi ningempa ntanda, maji ni kazi yake.

#39 Prof_Ruashi

Ukisema "muangalie" umesema na watu wengi. Kwa hiyo ni ya Prefe, mkubwa wao.

#40 Kontabu_Likasi

Prefe akipewa kila kilichokosa mwenyewe, atakuwa na mistari ishirini na hatafanya hata mmoja. Mpeni yule anayeumia tanki ikiwa tupu.

#41 Sekretere_Katuba

Anayeumia ni sentineli. Anaishi palepale, maji ya Regideso yakikatika yeye ndiye anabeba bidoni.

#42 Shantie_Kampemba

Mpe sentineli, lakini usimwandikie "kuangalia tanki". Kazi ya kuangalia haina mwisho, hutajua lini imekwisha. Mwandikie atakachokuletea: "Kujaza tanki jioni, kupima asubuhi kama maji yameshuka, kusema kama yanavuja wapi: kwenye tanki, kwenye robine, au kwenye vyuma vya chini." Hiyo anaiweza. Akishaleta jibu, ndipo ntanda anatafuta bei ya matengenezo. Huo utakuwa mstari mwingine, wa juma lijalo, na leo hatuujui.

#43 Mzee_wa_Mampala

Mimi ningeacha nafasi ya jina wazi na kumuuliza Prefe achague. Sekretere hana mamlaka ya kumpa mtu kazi.

#44 Shantie_Kampemba

Nafasi wazi haijazwi na mtu. Weka jina, weka alama ya kuuliza mbele yake, mwenyewe atakuja kubisha kabla ya saa sita mchana. Akibisha umempata mwenye kazi wa kweli.

#45 Mzee_wa_Mampala

Huko ni kwenu kwenye shantie. Kwenye ofisi ya shule, hatabisha, atanuna.

#46 Sekretere_Katuba — jumatano 13/8, 07:15

Nimeandika usiku. Angalieni kabla sijampelekea Prefe. Kila mstari: nani, nini, mwisho lini, kwa nini au baada ya nini.

Ya ukutani:

– Sekretere: kumpigia fundi wa paa, kujua kama alikuja jumatatu 11 na anahitaji mabati mangapi. Leo 13/8, kabla ya 12:00.
– Sentineli (?): kupima tanki usiku mmoja na kusema inavuja wapi. Ijumaa 15/8, 08:00.
– Ntanda: rangi ya lango, ukuta wa mbele, biro na madarasa ya mbele. Jumanne 19/8. Wazazi wanaanza kuandikisha tarehe 20.
– Fundi wa paa, anayemfuatilia ni Prefe: mabati ya darasa la 5 na la 6. Kuanza 21/8, kumaliza jumamosi 23/8.
– Ntanda: kufagia na kupaka darasa la 5 na la 6. Kutoka 25 mpaka 27/8. Baada ya paa tu.
– Menizie, anayemfuatilia ni Mama Kontabu: mabanki 30 ndani ya madarasa. Alhamisi 28/8. Anaanza 18/8 mbao zikiwepo.

Ya Promota, mistari mitatu:

– Mbao za mabanki: tunaomba neno lako kwa Mama Kontabu kabla ya ijumaa 15/8, ili menizie aanze jumatatu.
– Mabati na rangi: neno lako baada ya fundi kutupa hesabu.
– Mabanki kumi yanayobaki: ni ya lini?

Bendera nimeiweka chini kabisa, pembeni, haina jina wala tarehe. Alisema "ingekuwa muzuri", hakuagiza.

#47 Prof_Ruashi

Kazi safi. Lakini bendera ni ya nchi, shule haiwezi kufungua masomo na bendera iliyochanika. Hiyo ni lazima.

#48 Sekretere_Katuba

Haikuchanika, Prof. Imepauka tu.

#49 Kontabu_Likasi

Mstari wa pili wa Promota hauna tarehe. Rangi ya mbele inamalizika tarehe 19, hivyo ndoo za rangi ziwe zimenunuliwa jumamosi 16. Usiunganishe rangi na mabati. Rangi haingoji fundi wa paa. Ipeleke kwenye mstari wa kwanza pamoja na mbao, ijumaa 15.

#50 Sekretere_Katuba

Nimeirekebisha. Pesa ya mabati imebaki peke yake, neno kabla ya 19/8.

#51 Shantie_Kampemba

Vizuri. Na ya Promota usimtumie kwa maandishi. Ni mtu wa sauti, mpelekee kwa sauti. Prefe arekodi vokale ya nusu dakika, maswali matatu, kila moja lijibike kwa neno moja: "Papa, mbao na rangi, pesa itoke ijumaa? Mabati, tukupe hesabu jumatatu? Mabanki kumi, ni ya mwezi wa tisa?" Akishajibu, wewe ndiye unayeandika.

#52 Tantini_Kamalondo

Si ndicho nilichosema tangu mwanzo, vokale fupi?

#53 Shantie_Kampemba

Tantini, leo umetushinda.

#54 Sekretere_Katuba — alhamisi 14/8, 20:05

Habari mpya. Fundi alikuja jumatatu, hesabu yake ni mabati kumi na manne. Sentineli alifurahi kupewa tanki. Alipima jana usiku, inavuja kwenye robine. Ntanda ndiye aliyenuna, anasema maji ni yake, kwa nini amepitwa. Prefe amempa mstari wa kununua robine, ametulia.

Promota amejibu kwa vokale ya dakika tatu. Mabanki kumi: "mwezi wa kumi, tusikimbie." Paa: "muzuri, fundi aendelee." Pesa ya mbao na rangi: hakusema kitu. Ameongea juu ya barabara ya Kolwezi.

#55 Prof_Ruashi

Hakukataa. Alisikia tarehe 15 na hakukataa. Toeni.

#56 Kontabu_Likasi

Alisema isitoke mpaka aseme. Kutosema si kusema. Ningekuwa Mama Kontabu, kasha lingebaki limefungwa.

#57 Mzee_wa_Mampala

Labda hakusikia mpaka mwisho. Swali la pesa liliwekwa la ngapi?

#58 Sekretere_Katuba

La kwanza.

#59 Shantie_Kampemba

Basi alilisikia, na ana sababu ambayo hakuitaja. Pengine pesa haipo bado. Huwezi kuijua kwa kusikiliza tena vokale, hata mara kumi. Hapo ni simu.

#60 Sekretere_Katuba

Prefe anampigia kesho 06:30 kabla hajaingia kazini. Menizie ameshatuambia: mbao zisipofika kwake jumamosi 16, saa 12:00, anachukua kazi ya kanisa jirani, na sisi tutakuwa nyuma yake. Huo mstari nimeuongeza kwenye ya Promota, wa nne.

#61 Nguba_Bukavu

Wa nne? Tulisema ikipita mitatu mnapiga simu.

#62 Sekretere_Katuba

Ndiyo tunapiga.